Hitilafu ya Taasisi Moja Isizuie Nyingine: Namna Mifumo ya Pamoja Inavyotenganisha Wateja Wake

Mwananchi aliyelipa ankara ya maji jana mchana anaweza kuamka leo na kukuta jina lake bado limo katika orodha ya wadaiwa. Fedha zimetoka kwenye simu yake, stakabadhi anayo, na mamlaka ya maji inayomhudumia haina kosa lolote. Chanzo kinaweza kuwa mamlaka nyingine kabisa, ya mkoa wa mbali, ambayo nywila yake ya kuingia kwenye mfumo iliisha muda usiku huo.

Jambo hilo hutokea pale taasisi nyingi zinapohudumiwa na mfumo mmoja wa kusawazisha taarifa, yaani mfumo unaochukua kumbukumbu mahali pamoja na kuzifikisha katika hifadhidata ya kila taasisi. Utaratibu huo hupunguza gharama, kwa kuwa taasisi 20 hazihitaji mitambo 20. Hata hivyo, usiposanifiwa kwa uangalifu, taasisi hizo hushirikiana pia matatizo.

Tuchukue mfano wa kufafanulia tu, usiohusu taasisi yoyote iliyopo. Mfumo wa pamoja unahudumia mamlaka za maji 20. Kila siku saa 6 usiku, programu huanza na mamlaka ya kwanza, hupeleka malipo ya siku nzima, kisha huenda ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Usiku mmoja inafika kwa mamlaka ya saba, na seva ya huko inajibu `401 Unauthorized`, maana yake utambulisho uliotumika haukubaliki. Programu haikuelekezwa la kufanya, hivyo inasimama. Mamlaka sita zimepata malipo yao. Ya saba haikupata. Na nyingine 13, ambazo hazikuwa na tatizo lolote, hazikufikiwa kabisa.

Hatua ya kwanza ya kurekebisha ni kuifanya kazi ya kila taasisi isimame peke yake. Badala ya safari moja yenye vituo 20, zinakuwepo kazi 20, kila moja ikiwa na foleni yake, nywila yake na muda wake wa mwisho. Kazi ya saba ikishindwa, kushindwa huko huandikwa kwa jina la mamlaka hiyo, na nyingine huendelea.

Muda wa mwisho una uzito kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu seva isiyojibu huleta madhara makubwa kuliko seva inayokataa. Ikiwa kila ombi husubiri sekunde 60 kabla ya kukata tamaa, na mamlaka hiyo ina malipo 900, programu itasubiri saa 15. Hata kazi zikiwa tofauti, zile zinazosubiri huweza kushikilia nafasi zote za mawasiliano na hifadhidata na kuwanyima wengine. Kwa hiyo kila taasisi hupewa kiwango cha juu cha nafasi, na ikishindwa kwa mfululizo, tuseme mara tano, mfumo huacha kuiita kwa muda, kisha huijaribu tena kwa ombi moja.

Si kila kosa linahitaji kurudiwa

Mfumo mzuri hutofautisha makosa ya aina tatu. La kwanza ni la muda, kama vile mtandao kukatika au seva kuelemewa. Hilo hurudiwa kwa nafasi zinazoongezeka: baada ya dakika moja, mbili, kisha nne. La pili ni la utambulisho, kama lile la nywila iliyoisha muda. Kulirudia hakusaidii, kwani nywila iliyokataliwa saa 6 itakataliwa saa 7 pia, na majaribio mengi huweza kusababisha akaunti kufungwa. Linalotakiwa ni kusimamisha kazi ya taasisi hiyo pekee na kumjulisha afisa wake anayehusika.

La tatu ni la taarifa mbovu. Kumbukumbu moja imeandikwa tarehe 31 Februari, au kiasi cha fedha kimeandikwa kwa herufi O mahali pa sifuri. Ikiwa malipo yote 900 yamefungwa katika muamala mmoja wa hifadhidata, kumbukumbu hiyo moja hufuta kazi ya zile 899 zilizo sahihi. Njia bora ni kuyagawa katika mafungu madogo, kuitoa kumbukumbu yenye kasoro na kuiweka karantini pamoja na sababu ya kukataliwa, kisha kuendelea na nyingine.

Karantini ina mipaka yake. Ikiwa kilichokwama ni usajili wa mteja mpya, malipo ya mteja huyo lazima yasubiri pia, kwa sababu hayana akaunti ya kuingia. Na ikiwa sehemu kubwa ya kumbukumbu za taasisi moja inakataliwa, huenda muundo mzima wa faili umebadilika. Hapo ni salama zaidi kuisimamisha taasisi hiyo yote kuliko kupokea vipande.

Kila taasisi na alama yake

Kosa linalojificha zaidi lipo kwenye alama ya mwisho, yaani kumbukumbu inayoonyesha mfumo ulifikia malipo yapi. Ikiwa alama ni moja kwa wote, mfumo hubaki kati ya hasara mbili. Ukiisogeza mbele, malipo ya mamlaka ya saba yanarukwa na hayatatumwa tena. Ukiiacha nyuma, mamlaka nyingine zitapokea malipo yaleyale mara ya pili.

Suluhisho ni kila taasisi kuwa na alama yake, inayosogezwa tu baada ya kumbukumbu kupokelewa au kuwekwa karantini. Aidha, mpokeaji hukagua namba ya stakabadhi, ili malipo yaliyofika mara mbili yaingizwe mara moja. Mamlaka ya saba ikibadili nywila siku ya tatu, kazi yake huanza palepale ilipokwama, bila kugusa za wengine.

Utenganisho huo unahusu pia usiri. Ujumbe wa hitilafu unaopelekwa kwa taasisi moja haupaswi kubeba jina wala namba ya simu ya mteja wa taasisi nyingine, jambo ambalo lina uzito wa kisheria nchini Tanzania tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023.

Namna ya kutambua tatizo

Hatari ya utenganisho ni ukimya. Mfumo uliokuwa ukisimama wote ulipiga kelele. Sasa taasisi 19 zinaendelea vizuri na moja inaweza kukwama wiki nzima huku ripoti ikisema kazi imekamilika. Kipimo cha kutegemewa ni muda uliopita tangu kila taasisi ipate usawazishaji wake wa mwisho uliofanikiwa. Taasisi inayopaswa kupokea malipo kila usiku ikipita saa 26 bila kupokea, tahadhari itolewe. Taasisi zote zikikwama kwa wakati mmoja na kwa kosa lilelile, chanzo kitafutwe kwenye mfumo wa pamoja wenyewe.

Kwa mwananchi, stakabadhi yenye namba ya malipo ndiyo inayowezesha afisa kuitafuta kumbukumbu iliyokwama na kuiingiza kabla mafundi hawajafika kukata maji.