'Kijana, nitwike': Neno moja liliponifanya mwizi sokoni

JUZI nikiwa soko la Kongowea, Mombasa, mama mmoja aliniita. Mbele yake palikuwa na beseni la maembe. Mgongoni alikuwa amemweleka mtoto kwa leso, na kichwani alishaweka kata, ule mviringo wa kitambaa unaozuia mzigo kuumiza utosi.

"Kijana, nitwike," akasema.

Mimi, mtoto wa Nairobi, nikanyanyua beseni, nikaliweka begani, nikaanza kutembea. Sikufika mbali. "Mwizi! Maembe yangu!"

Nusura nile kichapo, bana. Kosa langu lilikuwa kusikia "nibebee". Kumbebea mtu ni kuuchukua mzigo wake ukaenda nao wewe. Kumtwika ni kuuinua na kumwekea yeye kichwani, kisha aende zake. Ndiyo maana mtu akiuinua peke yake tunasema amejitwika. Ukiandika "Asha alitwika gunia," mwalimu atauliza: alimtwika nani?

Kushusha nako kuna mambo yake. Wenzetu wa Tanzania wana kaulimbiu ya maji: kumtua mama ndoo kichwani. Anayetuliwa ni mama, kama vile anayetwikwa alivyo yeye. Lakini usichanganye kutua na kubwaga. Ukiyatua maembe, unayaweka chini taratibu. Ukiyabwaga, unayaachilia yaanguke kwa kishindo, na jioni utauza juisi.

Mambo yalipotulia, nikamtwika kama alivyotaka, nikamsindikiza hadi stejini. Huko akanirudisha tena darasani. Alipoketi ndani ya matatu, alifungua leso, akamtoa mtoto mgongoni na kumpakata. Kueleka ni kwa mgongoni au kiunoni, mtoto akiwa ameshikiliwa kwa mbeleko au mkono. Kupakata ni kwa mapajani, kwa hivyo lazima uwe umekaa. Anayeandika kwamba mama "alisimama akiwa amempakata mwanawe" amemwangusha mtoto bila kujua. Aliyesimama na mtoto kifuani amemkumbatia, au amembeba tu.

Nauli alikuwa ameifumbata, yaani sarafu zimo ndani ya kiganja alichokifunga. Noti zilikuwa zimefutikwa kiunoni, kwenye pindo la leso.

Gari lilipong'oa nanga, alichagua embe moja akanirushia kupitia dirishani. Hakunitupia, maana ukimtupia mtu kitu anaweza kudhani unamlenga, na ukikitupa tu, umekwisha kukiacha. Na hakulivurumisha, kwani hiyo ni kazi ya mawe na hasira. Alilirusha juu kidogo, nami nikalidaka kabla halijagusa chini.

Lingeanguka kwanza, ningekuwa nimeliokota.

Wewe je, umewahi kuponzwa na "beba" ya kila kitu?