Picha ya Kuonwa Mara Moja Hufutwa na Nani?

Dada mmoja anatafuta chumba Mbezi. Dalali anampigia: "Dada, nirushie picha ya kitambulisho chako cha NIDA, mwenye nyumba anataka kukiona kabla hajatoa funguo." Dada anasita. Kisha anakumbuka ile alama ya namba 1 ndani ya duara, pale WhatsApp inapokuuliza kama unataka kuandika maelezo ya picha. Anaibonyeza na kutuma. Baada ya dakika chache anaona picha imefunguliwa. Yeye mwenyewe hawezi tena kuitazama pale kwenye mazungumzo, na moyo unatulia. Imeonwa, imefutika.

Mfano huu nimeutunga, lakini watu wanaotuma vitambulisho, kadi za benki, vyeti vya hospitali na picha za faragha kwa njia hii nakutana nao kila mara kazini. Wengi wanaamini kwamba wao waliotuma ndio walioshika rimoti. Hebu tuifuate picha ya dada huyu toka simu yake hadi simu ya dalali, tuone nani hasa anafuta.

Simu ya dada kwanza inaipunguza picha ukubwa, kisha inatengeneza ufunguo wa siri wa biti 256 na kuifunga nao. Kifurushi kilichofungwa kinapelekwa kwenye seva za WhatsApp, ambako hakuna anayeweza kukisoma kwa kuwa ufunguo haupo huko. Kisha dalali anatumiwa ujumbe mdogo wenye, miongoni mwa mengine, mambo matatu: mahali kifurushi kilipo, ufunguo wa kukifungulia, na alama fupi ambayo kwa lugha ya programu yenyewe husomeka hivi:

```
viewOnce: true
```

Tofauti kati ya picha hii na picha ya kawaida ya harusi au ya mtoto iko hapo tu. Kufuli ni lilelile na ufunguo ni wa aina ileile. Picha inafika kwa dalali ikiwa nzima, na ufunguo wake unafika nayo. Ile alama ni agizo kwa programu iliyopokea: ionyeshe mara moja, usiiweke kwenye galari, usiruhusu isambazwe, ikishafungwa ifute. Anayetekeleza agizo ni WhatsApp iliyo ndani ya simu ya dalali. Simu ya dada, baada ya kutuma, haina kazi nyingine zaidi ya kusubiri taarifa kwamba picha imefunguliwa, na hata taarifa hiyo haiji kama dalali amezima tiki za bluu.

Sasa uliza: je, kama programu ya dalali haitii? Huku kwetu swali hili lina uzito, maana simu nyingi zina GB WhatsApp na ndugu zake, programu zilizotengenezwa na watu wa nje kwa kuigeuza WhatsApp halisi. Watu huzipakua ili waone jumbe zilizofutwa au waangalie stetasi bila kujulikana, na baadhi yake huruhusu picha ya mara moja itazamwe tena na tena, hata kuhifadhiwa. Kwa upande wa mtumaji hakuna dalili yoyote. Unaona "imefunguliwa" kama kawaida.

Wala haikuhitajika GB peke yake. Septemba 2024 Tal Be'ery, mtafiti wa kampuni ya Zengo, alieleza hadharani kwamba picha za mara moja zilikuwa zikipelekwa kwenye vifaa vyote vya mpokeaji, ikiwemo WhatsApp ya kwenye kivinjari cha kompyuta, ambayo haikuruhusiwa kuzionyesha. Kivinjari kilipokea kila kitu, kikamwambia mtumiaji afungue kwa simu. Aliyejua kubadilisha neno `true` kuwa `false` aligeuza picha ya mara moja kuwa picha ya kawaida, na tayari vilikuwepo viongezo vya kivinjari vinavyofanya hivyo kwa kubofya tu. WhatsApp walianza kuziba tundu hilo baada ya taarifa hizo kutoka.

Tuseme dalali ni mtu mwema na programu yake ni halali. Hapo kufutwa ni kufutwa kweli. Simu za leo husimba mafaili zinapoyahifadhi, hivyo faili likifutwa na funguo zake zikapotea, mabaki yake kwenye chipu ya kumbukumbu hayasomeki. Fundi wa mtaani anayedai atakurudishia picha ya namna hiyo mara nyingi anakula hela yako. Kuna mwanya mmoja lakini: picha ambayo haijafunguliwa hukaa siku 14 kabla ya kuisha muda wake, na bekapu ikichukuliwa katika siku hizo, picha inaingia humo na inaweza kurejeshwa. Na ile ya asili, ambayo dada aliipiga mapema na kuichagua kutoka galari, bado iko kwenye galari yake. Hiyo haikuguswa na chochote.

Twende kwenye skrinshoti. Huduma hii ilipoanza Agosti 2021, dalali angeweza kubonyeza vitufe viwili na kubaki na picha. Mwaka mmoja baadaye WhatsApp walitangaza kuzuia. Kwenye Android kazi hiyo hufanywa na agizo liitwalo `FLAG_SECURE`: programu inauambia mfumo wa simu kwamba ukurasa huu usinakiliwe, na anayejaribu anapata picha nyeusi au ujumbe wa kukataliwa. Kizuizi hiki kinasaidia sana dhidi ya mtu wa kawaida mwenye pupa. Hata hivyo nacho ni ombi kwa simu ya mpokeaji. Mwenye simu akiwa amevunja ulinzi wa mfumo wake ili apate mamlaka yote, anaweza kulizima agizo hilo. Na usitegemee kwamba WhatsApp itakupigia kengele mtu akijaribu. Snapchat humtaarifu mtumaji, WhatsApp haimtaarifu.

Halafu kuna simu ya pili, ambayo haihitaji utundu wowote. Dalali anafungua picha, anaiacha wazi mezani, anachukua simu ya mwenzake na kukipiga picha kioo. Picha ya mara moja haina saa ya kuhesabu, inabaki wazi mpaka aifunge. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 itasomeka vizuri kabisa hata kama pembeni mwanga umeakisi. Hakuna mfumo wa simu unaoweza kujua kwamba kamera nyingine inatazama kioo chake, kwa sababu kitu kinachoonekana kwa jicho kinaonekana kwa lenzi pia. Kalamu na karatasi navyo vinatosha kunakili namba.

Kwa hiyo ulinzi wa dada lazima uwe ndani ya picha yenyewe, kabla haijatoka. Atoe kopi ya kitambulisho, aandike kwa kalamu juu ya maandishi, si pembeni ambako panaweza kukatwa: "Kwa kupanga chumba Mbezi tu", na tarehe. Ndipo aipige picha hiyo kopi. Ikija kuonekana kwa mtu wa mikopo ya mtandaoni, maneno hayo yanaonekana nayo. Au bora zaidi, aende na kitambulisho siku ya kuona chumba, mwenye nyumba akishike, akisome, akirudishe.

Na kama kilichokwisha kutumwa ni picha ya utupu, na mtu anatishia kuisambaza, usikimbilie kufuta mazungumzo, kwani ndiyo ushahidi wa vitisho. Kwa aliyefikisha miaka 18 kuna StopNCII.org, inayoendeshwa kutoka Uingereza. Simu yako inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo, kama alama ya kidole, na inayotumwa ni alama tu, picha haitoki. Facebook, Instagram na TikTok ni miongoni mwa wanaoitumia kutambua picha ikipandishwa kwao. Inahitaji uwe na picha hiyo mkononi ili alama itengenezwe, kwa hiyo ile iliyobaki kwenye galari yako usiifute kabla ya kumaliza kazi hiyo.