Barua ya kuomba benki ipandishe kikomo kwa malipo makubwa

Duka la vifaa vya ujenzi la Dodoma linataka kununua nondo kiwandani Dar es Salaam. Tuliweke kama mfano, maana madogo yake ndiyo yanayowakwamisha wengi. Thamani ya nondo ni shilingi 160,000,000. Kiwanda hakipakii lori mpaka fedha zote zionekane kwenye akaunti yake, na bei waliyokubaliana inadumu wiki mbili tu. Akaunti ya kampuni ina shilingi milioni 240. Lakini mhasibu akifungua huduma ya benki kwa intaneti, mfumo unamruhusu kutuma milioni 50 kwa siku, basi.

Wengi wakifika hapa hufikiria kugawa malipo: milioni 50 leo, 50 kesho, hadi deni liishe. Siku nne zitapita, na kila mshahara au bili itakayolipwa humo ndani itakula sehemu ya kikomo cha siku hiyo. Lililo baya zaidi ni sura yake. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inazitaka benki zifuatilie miamala isiyoeleweka, na kiasi kikubwa kilichokatwa vipande vinavyolingana na kikomo ni jambo ambalo ofisa makini hawezi kuliacha bila kuuliza. Hundi nayo haifai, kwa kuwa hundi inayokwenda benki nyingine mwisho wake ni shilingi milioni 10. Fedha za namna hii hupita TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo makubwa baina ya benki ulioanza kazi mwaka 2004.

Kabla ya kushika kalamu, jua kikomo hicho kimewekwa wapi. Mara nyingi hakiko kwenye akaunti yenyewe, kiko kwenye njia ya kutumia. Watia saini wote wakifika tawini na kujaza fomu ya TISS, milioni 188 zinaweza kutoka siku hiyohiyo bila barua ya kikomo. Katika mfano wetu mkurugenzi mmoja yuko Dodoma na mwenzake yuko safarini Mwanza, kwa hiyo njia yao ni intaneti: mhasibu anaandaa malipo, wakurugenzi wawili wanayaidhinisha, kila mmoja kwa simu yake. Hapo ndipo barua inapohitajika.

Benki iliweka kikomo hicho kwa sababu nzuri. Mtu akiiba nywila ya mhasibu na kupata na simu za wakurugenzi, kinachobaki kati yake na milioni 240 ni ile namba 50,000,000. Ofisa anayesoma barua yako anaombwa aupunguze ukuta huo. Kwa hiyo anataka kujua mambo machache kwa usahihi: kiasi gani, kwenda kwa nani, kwa sababu gani, lini, na ukuta urudishwe lini. Barua inayosema tu "tunaomba mtuongezee kikomo kwa ajili ya shughuli za biashara" haimjibu hata moja. Itarudishwa na maswali, na siku mbili zimeshapotea.

Kiasi ndicho kinachokosewa zaidi. Mwenye duka amezoea kusema nondo za milioni 160, na ndivyo anavyoandika. Lakini ankara ya profoma ina VAT ya asilimia 18, yaani 28,800,000, na kiwanda kinadai 188,800,000. Kikomo kikipandishwa hadi milioni 160, siku ya malipo mfumo utakataa tena. Isitoshe, siku ileile duka lina mishahara ya milioni 6. Jumla inafika 194,800,000, na ukiacha nafasi ndogo ya makato ya benki, ombi la busara ni milioni 195. Kuomba milioni 500 "ili tusisumbuane tena" ni kosa, maana hakuna karatasi inayolitetea ombi hilo, na ukuta utakuwa chini kuliko inavyohitajika.

Jambo la pili ni kwamba vikomo viko zaidi ya kimoja. Kuna cha siku kwa kampuni nzima, kuna cha muamala mmoja, na mara nyingine kuna cha kila mtumiaji. Benki ikikupandishia cha siku hadi milioni 195 huku cha muamala mmoja kikibaki milioni 25, nondo hazitoki Dar es Salaam. Barua ivitaje vyote. Iliyo nzuri inaweza kuwa hivi:

9 Juni 2026

Meneja wa Tawi,
[Benki na tawi], Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPANDISHA KIKOMO CHA MALIPO KWA MUDA, AKAUNTI NA. [namba]

Tunaomba kikomo cha malipo ya siku kwa njia ya intaneti katika akaunti iliyotajwa kipandishwe kutoka Sh. 50,000,000 hadi Sh. 195,000,000 kwa siku mbili, Jumanne 16 Juni na Jumatano 17 Juni 2026. Tunaomba pia kikomo cha muamala mmoja, na cha watumiaji wetu watatu waliotajwa katika kiambatisho, viruhusu muamala mmoja wa Sh. 188,800,000.

Malipo hayo ni ya nondo, kwa TISS, kwenda kwa [jina la kampuni kama lilivyo kwenye akaunti yake], akaunti na. [namba], [benki]. Kiasi kinachobaki ni cha mishahara ya siku hiyo.

Tunaomba vikomo vyote virudi vilivyokuwa asubuhi ya Alhamisi 18 Juni 2026, bila kusubiri barua nyingine kutoka kwetu.

Tumeambatisha ankara ya profoma, oda yetu ya ununuzi na azimio la bodi. Kwa uthibitisho, tupigieni kwa namba za simu zilizo katika kumbukumbu zenu.

[Saini mbili, majina, vyeo, muhuri]

Sikuanza na "husika na mada tajwa hapo juu". Mstari wa kwanza ndio ofisa anaousoma kwa makini, na ni haki yake akute ombi lenyewe. Siku mbili zimeombwa kwa sababu muamala unaweza kurudi, kwa mfano jina la mpokeaji lisipolingana na akaunti, na ipo mifumo inayohesabu hata muamala uliorudi kuwa umekula kikomo cha siku hiyo. Saini ni za watia saini waliosajiliwa benki, ziandikwe kama zilivyo kwenye kadi ya saini. Saini iliyobadilika kwa miaka kumi imerudisha barua nyingi zilizoandikwa vizuri.

Benki itapiga simu kuthibitisha. Kama mkurugenzi amebadilisha laini bila kuiarifu benki, ombi litalala hapo, kwa hiyo namba zisahihishwe kabla ya barua kwenda. Nawe una simu ya kupiga: kiwandani, kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, muisome pamoja namba ya akaunti. Matapeli hutuma barua pepe inayofanana kabisa na ya muuzaji na kusema akaunti imebadilika, na wiki ya malipo makubwa ndiyo wanayoisubiri.

Jumatatu tarehe 15, mhasibu aulize tawini kama vikomo vyote vitatu vimewekewa tarehe. Jumanne aandae malipo asubuhi mapema, kwa kuwa kila benki ina saa yake ya mwisho ya kupokea maombi ya TISS. Na Alhamisi, lori likiwa limeshapita Morogoro, afungue mfumo aangalie kama kikomo kinasoma tena 50,000,000.