Mtafsiri Anapoanza Kugawa Kazi

Mtafsiri anayejitegemea ana kikomo. Kwa siku nzima ya utulivu hutoa maneno kama 2,000, pengine 2,500 akiwa kwenye mada aliyoizoea, na akizidisha hapo ubora huanza kushuka kabla mwenyewe hajatambua. Isitoshe, siku zote za mwezi si za kutafsiri. Kuna kuandaa bei, kufuatilia malipo, kwenda TRA, kunyoosha jedwali lililovurugika kwenye faili la mteja. Kati ya siku 22 za kazi, akipata 14 za kutafsiri amefanya vizuri. Tuseme yuko Dar es Salaam na anatoza shilingi 120 kwa neno: kwa mwezi huo atakuwa na maneno 28,000, yaani shilingi 3,360,000 kabla ya kodi na gharama. Akitaka zaidi, ama apandishe bei, ama aingize watu.

Wengi hukimbilia kuingiza watu, na hapo ndipo ninapowasihi watulie kidogo. Bei inayomtosha mtu mmoja haiwezi kugawanywa kwa watatu. Mtafsiri anayetoza shilingi 60 kwa neno akimpa mwenzake 40, inabaki 20, na hiyo 20 yote huishia kwa mhariri, bila kubaki kitu cha kuendesha ofisi. Kwa hiyo bei hupanda kwanza, mteja mmoja baada ya mwingine, kuanzia wale wapya. Wateja wakiikubali bei mpya na kazi bado zikafurika, ndipo mazungumzo ya kuajiri yanapoanza.

Na kufurika kwenyewe kuna namna ya kukupima. Mwezi mmoja wa shughuli nyingi hauthibitishi kitu, kwa kuwa mashirika mengi hutoa kazi kwa msimu, bajeti zinapokaribia kufungwa. Kinachosema kweli ni daftari la kazi ulizozikataa: tarehe, mteja, idadi ya maneno, na sababu ya kukataa. Likionyesha kwa miezi mitatu au minne mfululizo kwamba unakataa kazi za aina ileile, kutoka kwa wateja wasiopungua wawili, hapo pana nafasi ya mtu mwingine. Likionyesha mteja mmoja tu ndiye anayekulemea, hiyo ni dharura ya mteja mmoja, na dharura hupangiwa kibarua cha muda.

Mtu wa kwanza kumtafuta ni mhariri. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka tafsiri ipitiwe na mtu wa pili asiye yule aliyeitafsiri, akiilinganisha na matini chanzi. Mteja makini huuliza jambo hilo, na anayefanya kazi peke yake hana jibu. Mhariri mzuri hupitia maneno 6,000 hivi kwa siku, kwa hiyo humgharimu mwenye ofisi kiasi kidogo kwa neno, na faida yake huonekana tangu kazi ya kwanza. Mtafsiri wa pili na wa tatu hufuata baadaye, wakiwa wamekuta mtu wa kuwasahihisha.

Sasa tufanye hesabu ya kazi moja. Shirika linataka mwongozo wa mafunzo ya afya wa maneno 40,000 ndani ya siku 10 za kazi. Peke yako ungehitaji siku 20. Kwa bei ileile ya shilingi 120, ankara itakuwa 4,800,000. Watafsiri wawili unawapa shilingi 60 kwa neno, yaani 2,400,000. Mhariri anapata 20 kwa neno, yaani 800,000. Kwako inabaki 40 kwa neno, jumla 1,600,000. Mgawo huu wa nusu kwa mtafsiri, sehemu ya sita kwa mhariri na theluthi kwa ofisi ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukimpunguzia mtafsiri sana, aliye hodari huondoka na unabaki na wale wasiopata kazi kwingine.

Mtu wa nje akisikia 1,600,000 huona kwamba bosi amekula bila jasho. Lakini kazi ya bosi ipo, nayo ndiyo inayoamua kama kuna faida. Lazima atengeneze faharasa ya istilahi kabla hata ya kuwagawia watu sura, ajibu maswali yao, aunganishe faili, na asome kitabu kizima mara ya mwisho. Asipotengeneza faharasa, sura ya kwanza itamtaja mhudumu wa afya ya jamii, ya nne itamwita mtoa huduma ngazi ya jamii, na ya saba itamfanya mfanyakazi wa afya wa kijijini. Mteja ataona watu watatu kwenye mwongozo wenye mtu mmoja, na kitabu kizima kitarudishwa.

Tuseme shughuli hizo zote zimekuchukua siku nne. Umepata 400,000 kwa siku, ilhali ukitafsiri mwenyewe siku moja hukuletea 240,000. Umepiga hatua. Lakini sura mbili zikija mbovu, ukakaa siku tano zaidi kuziandika upya, zile 1,600,000 zinagawanywa kwa siku tisa, na kila siku inakuletea chini ya 180,000. Umefanya kazi ya watu watatu kwa kipato kilicho chini ya cha mtu mmoja. Mpaka uko kwenye siku ya sita na nusu hivi: ukiuvuka, kazi hiyo ungeifanya peke yako ungelala na pesa nyingi zaidi. Ndiyo maana kwa kila mradi ninasisitiza kuandika siku zako mwenyewe, hata kama hakuna anayekulipa kwa siku. Ofisi nyingi ndogo huonekana zina kazi tele huku mwenyewe akihariri usiku kucha, na daftari hilo tu ndilo linaloweza kumwonyesha ni mtafsiri gani anayemla siku zake. Dawa yake ni jaribio la kulipwa la maneno 500, kabla mtu hajakabidhiwa sura nzima.

Hatari kubwa kuliko ubovu wa kazi ni muda wa malipo. Watafsiri wanatarajia pesa yao ndani ya wiki mbili, na wana haki. Mteja naye ana utaratibu wake, na siku 60 baada ya ankara si jambo geni. Kwa hiyo mwongozo wetu unadai shilingi 3,200,000 zitoke mfukoni mwako kabla hujaona senti. Ukipata kazi tatu za namna hiyo ndani ya miezi miwili, unahitaji 9,600,000. Hivi ndivyo ofisi yenye oda nyingi inavyofilisika: kila kazi mpya inaongeza deni la watu kabla kazi ya zamani haijalipwa. Na malipo yakija hayaji kamili, kwani mteja mkazi wa Tanzania hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya huduma, hapa 240,000. Pesa hiyo haijapotea, maana huhesabiwa kwenye kodi yako ya mapato, ila umfuatilie mteja akupe hati ya zuio.

Malipo ya awali ya asilimia 40 yangekupa 1,920,000 na kupunguza pengo hadi 1,280,000. Mteja asiyekubali malipo ya awali huenda akakubali kulipa kwa awamu, kila sura kumi zikikabidhiwa. Akikataa yote mawili na akiba yako haitoshi, kazi hiyo ni kubwa kuliko ofisi yako kwa sasa. Kuna wanaowaambia watafsiri wasubiri mpaka mteja alipe. Hilo silikubali, isipokuwa mtafsiri ameambiwa mapema na bei yake imeongezwa kwa sababu hiyo, maana hapo yeye ndiye anayekukopesha.

Kuajiri kwa mshahara ni hatua nyingine kabisa, na hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mhariri wa mshahara wa shilingi 800,000 humgharimu mwajiri zaidi ya hapo: asilimia 10 ya NSSF upande wa mwajiri ni 80,000, na mchango wa WCF wa nusu asilimia ni 4,000. Jumla 884,000, mbali na kompyuta, intaneti, na likizo ya siku 28 yenye malipo. Kwa kuwa mhariri wa kibarua ulimlipa 20 kwa neno, gawanya 884,000 kwa 20: unapata maneno 44,200. Maana yake, mpaka maneno ya namna hiyo yapite mezani kwako kila mwezi, tena kwa miezi kadhaa, kibarua ni nafuu. Mwongozo wetu mmoja wa maneno 40,000 haujafika.

Hata hivyo kibarua nacho kina mtego ambao wachache wanaujua. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, mtu anaweza kuchukuliwa kuwa mwajiriwa hata kama karatasi inamwita mkandarasi huru. Miongoni mwa vigezo vyake ni kwamba amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba unamwongoza namna au saa za kufanya kazi, kwamba unampa vitendea kazi, au kwamba anategemea kipato chako. Kimojawapo kinatosha kuanzisha dhana hiyo, na wewe ndiye utakayetakiwa kuipinga. Mhariri anayeketi ofisini kwako kila siku, kwenye kompyuta yako, na hana mteja mwingine, ana madai ya msingi siku mtakayoachana. Ukiona umefika hapo, mwandikie mkataba wa ajira na uanze kuchangia NSSF.

Yapo pia mambo ya ubia. Mara nyingi watafsiri wawili marafiki huanza pamoja kwa mdomo, nusu kwa nusu. Wasipoandika chochote, sheria ya ubia huwachukulia kuwa wanagawana faida na hasara sawasawa, hata mmoja akiwa ameleta wateja wote na mwingine ametafsiri maneno machache. Na jina la biashara lililosajiliwa BRELA haliwatenganishi na madeni ya biashara hiyo: mmoja akisaini ahadi na shirika, mwenzake naye hudaiwa, hadi mali zake binafsi. Kampuni yenye dhima yenye ukomo hutenganisha, kwa gharama ya hesabu za kila mwaka na kazi ya karatasi.

Mgawo ninaoupendekeza kwao huenda kwa mpangilio. Kwanza kila mmoja alipwe kwa neno kwa alichotafsiri au kuhariri, kwa bei ileile wanayowapa vibarua. Kisha aliyeleta mteja apate asilimia 10 ya ankara za mteja huyo kwa mwaka wa kwanza tu, ili asiendelee kulipwa milele kwa simu moja aliyopiga zamani. Kinachobaki, baada ya kodi na akiba ya malipo ya watafsiri, ndicho kigawanywe kwa hisa. Kwenye karatasi hiyohiyo waandike mteja atakuwa wa nani wakitengana, na ni nani atakayemaliza kazi zilizokwisha kupokelewa malipo ya awali.