Kanga Iliyorowa na Upepo wa Kusi Katika Bango la Mchezo

Bango la mchezo wa kuigiza, ambalo zamani lilihitaji mchoraji na studio, siku hizi hutengenezwa na kijana mmoja mbele ya kompyuta. Kwa hiyo imekuwa ada kumwona mwigizaji amevikwa nguo inayopeperuka, au iliyorowa chapa chapa, ilhali siku ya kupigwa picha alisimama mkavu na upepo haukuwapo. Hatuna ugomvi na ada hiyo. Tunalolipigia kelele ni kwamba kazi nyingi za namna hii hufanywa na watu ambao hawakuitazama nguo iliyorowa hata mara moja, kisha bango hutundikwa mbele ya watu wanaoitazama kila siku.

Tuchukue kazi moja. Tuseme vijana wa Tunguu wanataka bango la mchezo unaohusu wanawake wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, kule Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwigizaji wao atapigwa picha papo hapo Tunguu, uwanjani, amejifunga kanga nyekundu yenye pindo nyeusi na nyeupe. Bango litamwonyesha amesimama ufukweni wakati wa maji kupwa, kanga ya kiunoni imerowa, na ya mabegani inachukuliwa na upepo. (Wasithubutu kumvisha kisutu kipya, maana hilo ni vazi la harusi, na hakuna bibi atakayeamini kwamba mtu aliingia nalo baharini kufunga mbegu za mwani.) Litakapobandikwa Paje, wa kwanza kulihukumu atakuwa mama aliyetoka majini saa ile ile.

Kabla ya kugusa kompyuta lazima lijibiwe swali la upepo. Bahari ya Paje iko mashariki. Mpiga picha akisimama nchi kavu akaelekea baharini, kusini iko mkono wake wa kulia na kaskazini mkono wa kushoto. Upepo wa kusi hutoka kusini mashariki, yaani kwenye bahari, upande wa kulia wa picha. Basi kanga haina budi kupeperuka kuelekea kushoto na kumjia kidogo mtazamaji. Ikiwa mchezo ni wa msimu wa kaskazi, mambo yanageuka: upepo watoka kushoto na nguo yaenda kulia. Makuti ya minazi, tanga la ngalawa iliyo mbali na ncha ya ushungi, vyote vifuate upepo huo mmoja. Mvuvi akiona tanga limejaa upande huu na kanga yaruka upande ule, hahitaji kuambiwa kuwa picha imeungwa.

Jua nalo ni vivyo hivyo. Asubuhi liko upande wa bahari, nyuma ya mwigizaji. Kwa hiyo picha ya Tunguu ipigwe asubuhi, jua likiwa nyuma yake, na kitambaa kitupu cha kijivu kikiwa kimetundikwa nyuma ili umbo lake likatwe kwa urahisi. Ukipiga picha adhuhuri, jua likiwa utosini, vivuli vya pua na kidevu vitaanguka chini moja kwa moja, na hakuna ufundi wa baadaye utakaovihamisha.

Hiyo kanga ya mabegani, twashauri isichorwe wala isivutwe kutoka katika nguo iliyolala. Ipigwe picha yake mbali, mahali pale pale, chini ya jua lile lile, kamera ikiwa kimo kile kile na umbali ule ule. Mtu mmoja ashike pembe mbili za kanga kwa kimo cha bega la mwigizaji, mwingine airushe ile ncha ya pili na kuiachia. Zipigwe picha thelathini au arobaini. Mbili au tatu zitafaa. Kwa mwendo wa kamera wa 1/500 ya sekunde nguo itasimama kama iliyokatwa kwa wembe. Kwa 1/125 ncha yake itafifia kidogo, na mara nyingi kufifia huko ndiko kunakoleta uhai. Anayetafuta nguo ya kuchagua aangalie mikunjo: nguo inayopeperuka huwa imeshikwa mahali fulani, na mikunjo yote hutawanyika kutoka mahali hapo kama vidole kutoka kiganjani. Karibu na mshiko mikunjo ni mingi na myembamba, na kadiri inavyokwenda mbali hupanuka. Upande unaopigwa na upepo nguo hugandama mwilini, na upande wa pili ndio unaoruka. Wachongaji wa Ugiriki walilijua hilo zamani sana. Sanamu ya Ushindi ya Samothrake, iliyofukuliwa mwaka 1863 na sasa iko Luvre mjini Parisi, ni jiwe tupu, lakini aitazamaye hutambua upepo umetoka wapi.

Sasa tufike kompyutani. Programu ya GIMP hutolewa bure nayo yatosha kwa kazi hii. Bango la A2 ni milimita 420 kwa 594, na likichapwa kwa nukta 150 kwa inchi, picha iwe na nukta 2480 kwa 3508. Mwigizaji awe tabaka moja, kanga inayoruka tabaka jingine juu yake, na kila moja ifichwe mahali pasipotakiwa kwa `Layer Mask` badala ya kufutwa, ili kilichofichwa kiweze kurudishwa. Mshiko wa kanga uletwe begani hasa, pale kitambaa cha kweli kinapoishia. Ikiwa haukai sawasawa, chombo kiitwacho `Warp Transform` husukuma nguo kidogo kidogo, lakini tuonye: sukuma kwa upana wa vidole viwili, usisukume dhiraa nzima, maana nyuzi na maua ya kanga yatavutika kama mpira na kila mtu ataona. Kisha litengenezwe tabaka la kivuli, hali yake ikiwa `Multiply`, kwa rangi ya hudhurungi iliyoiva, si nyeusi. Kivuli kiwe kizito na chembamba pale nguo inapoachana na bega, na kipotee taratibu. Bila ya kivuli hicho nguo huelea kama karatasi iliyobandikwa kwa gundi.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kanga ina jina. Kijana akiona nguo yaruka kulia naye ataka iruke kushoto, mkono wake huenda mara moja kwenye `Flip`, picha ikageuka kama katika kioo, na jina la kanga likasomeka kinyume. Tumeona maandishi ya namna hiyo yakitundikwa hadharani. Ikiwa lazima nguo igeuzwe, basi lile jina lifichwe ndani ya mkunjo, au ipigwe picha nyingine. Na hii ya pili ni kazi ya dakika kumi.

Tumeacha maji mwisho kwa sababu ndiyo magumu. Kwa nini nguo ya pamba ikirowa huwa nyeusi zaidi? Ikiwa kavu, katikati ya nyuzi zake mna hewa, na nuru inayoipiga hurudishwa haraka kwenye macho yetu. Maji yakijaza nafasi zile, nuru haipindwi kwa ukali kama mwanzo, huingia ndani zaidi ya kitambaa, nyingi ikamezwa humo na chache ikarudi. Basi nyekundu huwa nyekundu iliyoiva, na nyeusi haibadiliki sana kwa kuwa haikuwa na nuru ya kupoteza. Nyeupe ndiyo yenye kisa chake, kwani yenyewe huanza kuonyesha kilicho chini yake. Kwa hiyo anayeshusha rangi yote kwa kipimo kimoja amekwisha kosea. Afungue `Curves` juu ya tabaka lililonakiliwa, ashushe sehemu ya kati kutoka 128 hadi karibu na 90, kisha atazame kila rangi peke yake: pindo nyeusi iachwe karibu ilivyokuwa, na nyeupe iwe ya kijivu chenye kidokezo cha rangi ya gauni la ndani.

Mpaka wa maji nao una tabia yake. Mkulima wa mwani aliyesimama katika maji ya magoti hurowa hadi juu kidogo ya magoti, kwa sababu pamba hunyonya maji na kuyapandisha. Mstari wenyewe haunyooki kama rula. Hupanda hapa na kushuka pale, nao una ukungu wa upana wa vidole viwili au vitatu kabla ya kufika kwenye ukavu. Juu yake pawe na matone machache yaliyoruka, mengi upande wa mbele. Mng'ao uwe mdogo na mkali, vistari vyembamba juu ya migongo ya mikunjo, upande unaoelekea jua tu. Mtu akipaka weupe kila mahali, kanga itageuka kuwa nailoni.

Na uzito usahauliwe kamwe. Pamba iliyolowana hubeba maji yenye uzito unaoweza kupita wa nguo yenyewe, kwa hiyo haipeperuki. Hushuka chini, mikunjo yake ni michache na minene, hugandamana na muundi, na pindo lake huchuruzika. Bango linaloonyesha nguo imerowa tepetepe huku ikiruka hewani kama bendera linasema mambo mawili yasiyokutana. Ndiyo sababu katika kazi yetu hii kanga ya kiunoni ndiyo imerowa na ya mabegani ni kavu. Aliye na nafasi na apande gari la kwenda Paje siku za bamvua akatazame mwenyewe. Na aliyekosa nauli achovye kanga kuukuu katika ndoo, aivae na kusimama juani, apigwe picha ya kufuatisha.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika kompyuta. Nguo iliyorowa huonyesha mwili, na dada yule alikuja kupigwa picha akiwa mkavu, amejisitiri. Kuigandamiza nguo mwilini mwake baadaye, pasipo yeye kujua, ni kumvua mbele za watu. Kanuni yetu ni kwamba maji yasipande kupita pale alipokubali yeye, gauni la ndani lionekane wazi, na bango lililokamilika aoneshwe kabla halijakwenda mtamboni. Akisema mstari ushushwe, ushushwe. Ni kazi ya kubadili `Layer Mask` tu.

Lililobaki ni la mchapaji. Sehemu zilizorowa, ambazo kwenye kioo cha kompyuta zina mikunjo mizuri, karatasini hunywa wino na kuwa giza tupu. Kipande cha ukubwa wa kiganja, chenye upande mkavu na upande uliorowa, kichapwe kwanza kwenye karatasi ile ile ya bango, kisha kitazamwe nje, chini ya jua, kwa umbali wa hatua tano. Mikunjo ikiwa haionekani, sehemu ile ya 90 ipandishwe hadi 100 au 105 na kijaribiwe tena.