Kiti Msikitini, Kitanda Wodini

Alasiri imekimiwa. Mzee wa miaka 72 anavuta kiti chake cha plastiki, anaketi, anapiga takbira, na hainuki tena mpaka imamu anapotoa salamu. Sala ikiisha anasimama barazani kwa robo saa nzima, akiulizana hali na wenzake. Miguu yake inasimama bila taabu. Kinachomshinda ni kukunja magoti.

Kwa fiqhi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, sala hiyo ina kasoro. Kiti kinamfaa na ni haki yake, ila amekikalia mapema. Kusimama katika sala ya fardhi ni nguzo, na nguzo aliyoiweza ameiacha kwa sababu ya nyingine iliyomshinda.

Asili ya ruhusa hii ni hadithi aliyoipokea Bukhari. Sahaba Imrani bin Huswaini alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala. Akaelekezwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Ni ngazi, na mtu hateremki kidato mpaka kile cha juu kimshinde. Kushindwa si lazima aanguke chini. Maumivu makali yanayomwondolea utulivu, hofu ya ugonjwa kuzidi au kuchelewa kupona, na kizunguzungu, vyote vinatosha. Mafakihi wa Kishafii wametaja hata abiria wa chombo baharini anayezungukwa na kichwa: anasali ameketi.

Turudi kwa mzee wetu. Anatakiwa apige takbira amesimama, kiti kikiwa nyuma yake, asome Alhamdu amesimama, arukuu kwa kuinama kama kawaida, kisha ainuke kwenye itidali. Hapo ndipo anapokaa. Sijida anaifanya kwa kuinamisha kiwiliwili mbele kadiri awezavyo, anakaa wima, anainama mara ya pili, halafu anasimama kwa rakaa inayofuata. Tahiyatu anaisoma kitini. Akihitaji mkongojo au ukuta wa kuegemea, aegemee. Na kama kisomo kirefu cha imamu kinamchosha, anaruhusiwa kuketi kwenye sura na kusali sehemu hiyo akiwa amekaa.

Asiyeweza kusimama kabisa anarukuu na kusujudu akiwa amekaa. Akiweza kufikisha paji la uso chini, ni lazima alifikishe. Asipoweza, anainama, na sijida iwe chini zaidi kuliko rukuu ikiwa mwili unaruhusu. Wengi wanateleza hapa: wanatikisa kichwa kidogo tu, kiasi kilekile mara zote, ilhali mgongo wao unainama vizuri.

Lakini asiharakishe mtu kumkosoa jirani yake. Kwa Mahanafi, aliyeshindwa kusujudu halazimiki tena kusimama, basi anayesali kitini mwanzo hadi mwisho huenda anafuata madhehebu yake sawasawa.

Kitandani mambo hubadilika. Anayeshindwa hata kukaa hulala ubavu, na wa kulia ndio bora, uso na kifua vikielekea kibla. Dar es Salaam na Mombasa ziko karibu kusini moja kwa moja mwa Maka, kwa hiyo kibla chao ni kaskazini. Mgonjwa wa huko anayelalia ubavu wa kulia kichwa chake kitakuwa mashariki na miguu magharibi. Ubavu ukimshinda, analala chali, nyayo zielekee kaskazini, na kichwa kiinuliwe kwa mto. Mto huo una kazi kubwa, maana bila huo uso unatazama dari badala ya kibla. Rukuu na sijida anaziashiria kwa kichwa. Kikigoma, kwa kope za macho. Zikigoma nazo, anazipitisha moyoni nguzo moja baada ya nyingine. Kwa Mashafii, maadamu akili ipo, sala haijamwondokea.

Vitanda vya wodini, hata hivyo, hupangwa kwa kufuata kuta. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, na asiye na wa kumgeuza, anasali vilevile alivyo ili wakati usimpite, kisha kwa Mashafii anairudia sala hiyo akipata uwezo. Ndiyo maana ndugu anayekuja kumuuguza, mbali na kuleta uji, amuulize muuguzi kama kitanda kinaweza kuzungushwa, au kama mgonjwa anaweza kugeuzwa bila kuumizwa.

Hali ikibadilika katikati ya sala, sala hubadilika nayo. Aliyeanza amesimama akaishiwa nguvu katika rakaa ya pili, anaketi na kuendelea alipofikia. Aliyeanza ameketi kisha maumivu yakatulia, anainuka, wala haanzi upya.