Ramani ya neno huanza nyumbani kwa mwalimu

Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kukariri kwamba kutegemea ni kuweka tumaini kwa mtu au kitu, akapata alama zake, na kesho yake akaandika: "Timu yetu inategemea kushinda." Maana anaijua, matumizi bado. Ramani ya neno huziba pengo hilo, mradi mwalimu aipange kabla hajashika chaki.

Kwa kipindi cha dakika 40, maneno matatu yanatosha. Kwa kila neno mwalimu hutafuta kwanza sentensi, na kwa "tegemea" atazitoa pande mbalimbali za maisha:

"Mtoto huyu anamtegemea bibi yake."
"Kilimo chetu kinategemea mvua."
"Bei ya nyanya inategemea msimu."
"Baba amewaandika wategemezi wake kwenye fomu ya bima."

Ya kwanza inahusu watu, ya pili kazi na hali ya hewa, ya tatu jambo linalobadilika kufuata jingine, na ya nne imelivika neno umbo jipya. Sentensi nne za watoto na bibi zao zingekuwa sentensi moja iliyorudiwa mara nne.

Darasani, wanafunzi husoma sentensi hizo na kukisia maana kabla ya kuambiwa. Ndipo neno linapoandikwa katikati ya ubao, likazungushiwa duara na kuchorewa matawi manne. Tawi la kwanza ni la maana, kwa maneno yao wenyewe. La pili ni la ndugu wa neno: tegemeo, utegemezi, mtegemezi, tegemeana. Hapa mwalimu aulize: kati ya bibi na mjukuu, nani mtegemezi? Anayemtaja bibi amechanganya anayesaidia na anayesaidiwa, na kosa hilo lisingeonekana kwa kusoma orodha tu. Tawi la tatu hubeba sentensi mpya za wanafunzi. La nne ni la jirani anayefananishwa nalo: tarajia. Ile sentensi ya timu inarekebishwa hapo: timu inatarajia kushinda, na inamtegemea golikipa wake.

Matawi yakizidi hayo, kipindi huishia kwenye kuchora na kupaka rangi. Tena, mwalimu akijaza ramani peke yake, wanafunzi hunakili tu.

Baada ya siku chache, ramani ikiwa imefutwa, kila mmoja aandike sentensi kuhusu mahali ambapo hapakutajwa, kama hospitali au bandari. Anayeandika "Wagonjwa wanategemea damu ya wachangiaji" amelipata neno. Anayemrudia bibi na mjukuu amekariri ubao. Huyo usimsomee maana upya. Mpe sentensi nyingine mbili kutoka mahali pengine, kisha umwache aandike yake.